Shajara ya mradi: 1NZ-FE inakula lita ngapi za oili ukibadilisha na filta?

Jumatano jioni: swali lenyewe

Gari lina injini ya Toyota 1NZ-FE, petroli, silinda nne, sisi 1497. Zamu ya kumwaga oili imefika na ninataka kujua jambo moja tu: nikimwaga oili yote na kutoa filta, nirudishe lita ngapi?

Majibu niliyokuta yamekaa juu ya meza yangu yakipingana. Kibandiko cha huduma iliyopita kimeandikwa "lita 4". Karatasi moja ya vipuri inasema 3.9. Nyingine inasema 3.4, na kitabu cha ufundi kina 4.1 katika mstari wake wa mwisho. Fundi niliyempigia simu hakusita hata kidogo.

"Kaka, hizi injini ndogo zote ni dumu moja. Mimina, funga, ondoka."

"Dumu zima fundi? Hata kikibaki kidogo?"

"Kibaki cha nini? Dumu ni lita 4, injini ni lita 4."

Sina ugomvi naye, maana magari mengi yamepita mikononi mwake na yanatembea. Lakini dumu linauzwa la lita 4 kwa sababu ni kipimo kinachofaa madukani. Hakuna aliyepima sampu ya injini hii, lile bakuli la chini linalokaa oili, ndipo akatengeneza dumu. Kwa hiyo nimeamua kupima mwenyewe, kwa mzani, na kuandika kila hatua hapa.

Jumatano usiku: kwanza injini ipi

Kabla ya tarakimu yoyote nimehakikisha injini ni ileile ninayoidhania. Jina la gari halitoshi. Vitz ya kizazi kilekile inaweza kuwa na injini ya lita 1.0, 1.3 au 1.5, na kila moja ina sampu yake na kiasi chake cha oili. Nimefungua boneti nikasoma kibati cha gari kwenye mstari wa injini: 1NZ-FE. Kisha nikamulika tochi kwenye bloku kusoma namba iliyogongwa pale, nayo inaanza na 1NZ. Vyote viwili vinakubaliana, kwa hiyo hakuna aliyebadilisha injini njiani.

Neno la pembeni: ukubwa wa injini hausemi lolote la uhakika kuhusu oili. Watu husikia "injini ya lita 1.5" na "oili lita 4" wakadhani kuna hesabu inayounganisha hivyo viwili. Haipo. Lita 1.5 ni nafasi ya ndani ya silinda pistoni zinapopanda na kushuka. Kiasi cha oili kinategemea umbo la sampu, urefu wa njia za oili na ukubwa wa filta.

Alhamisi: tarakimu nne, maana nne

Nimekaa na kitabu cha ufundi na sasa naona kwa nini kila mtu ana namba yake. Hakuna aliyetunga, ila kila mmoja amesoma mstari tofauti. Kwa 1NZ-FE mistari ni hii: kumwaga na kujaza bila kubadilisha filta ni lita 3.4, kumwaga na kujaza pamoja na filta ni lita 3.7, na kujaza injini kavu ni lita 4.1.

Mstari wa tatu ndio unaowapoteza wengi, hasa wanaoandika orodha fupifupi. Injini kavu ni ile iliyofunguliwa yote mezani, ikaoshwa, ikaunganishwa upya. Kila tundu ndani yake halina tone. Injini inayomwagwa kwa kawaida haifikii hali hiyo hata ukiiacha usiku kucha, kwa sababu oili hubaki kwenye njia nyembamba za bloku, ndani ya pampu, juu ya kichwa cha silinda kwenye vishimo vya kemshafti, na kama utando kwenye kuta zote. Tofauti kati ya 4.1 na 3.7 ni lita 0.4, na hiyo ndiyo oili ya zamani usiyoweza kuitoa kwa kufungua plagi ya sampu. Ukimimina 4.1 kwenye injini iliyomwagwa tu, unaongeza 0.4 juu ya ile 0.4 ambayo haikutoka.

Na 3.9? Nimeitazama karatasi tena. Ni 3.9 kweli, lakini ni kwoti za Marekani, wala si lita. Kwoti moja ya Marekani ni lita 0.946, kwa hiyo 3.9 mara 0.946 inakupa lita 3.69, yaani ileile 3.7. Kwenye kitabu vipimo vyote vimepangwa katika mstari mmoja: lita, kisha kwoti ya Marekani, kisha kwoti ya Uingereza ambayo ni kubwa zaidi na inasomeka 3.3. Aliyenakili karatasi yangu alichukua tarakimu akaacha kipimo chake.

Kwa hiyo jibu la kitabu kwa kazi yangu ni 3.7. Lakini namba ya kitabu inachukulia kwamba sampu ni ya asili, filta ni ya saizi yake, na dipstiki ni ya injini hii. Gari lililokwishapita mikono kadhaa halina dhamana hiyo. Dipstiki hasa: ikivunjika, mtu huchomeka yoyote inayoingia kwenye mrija, na alama zake zikawa juu au chini ya mahali panapostahili. Basi kipimo cha Jumamosi kinajaribu vitu viwili kwa mpigo, namba na dipstiki.

Ijumaa: kuandaa mzani

Nimechagua kupima kwa uzito badala ya kutegemea mistari ya dumu. Sababu ni joto. Oili ikipashwa hutanuka, kiasi cha asilimia 0.07 hivi kwa kila nyuzi moja ya selisiasi. Inaonekana ndogo, ila oili inayotoka kwenye injini ya moto inaweza kuwa na nyuzi 60 zaidi ya oili iliyo kwenye dumu, na hapo ujazo unazidi kwa karibu asilimia 4. Kilo hazijali joto.

Ili kugeuza kilo kuwa lita nahitaji uzani wa oili yenyewe. Nimepima dumu jipya la 5W-30 kabla ya kulifungua: kilo 3.61. Dumu tupu la aina hiyohiyo nililobaki nalo kutoka zamani: kilo 0.21. Oili ya ndani ni kilo 3.40 kwa lita 4, yaani kilo 0.85 kwa lita. Hiyo ni ya kawaida kwa oili za injini, kwa hiyo nina imani na mzani pia.

Karai tupu: kilo 0.42. Filta mpya, kavu: gramu 215. Nimeandika yote kwa kalamu ya rangi kwenye kila chombo maana kesho mikono itakuwa na mafuta na sitataka kufungua daftari.

Jumamosi asubuhi: kusoma dipstiki kabla ya kumwaga

Gari lipo kwenye sakafu iliyo sawa. Nimeiwasha injini mpaka ikapata joto la kazi, nikazima, nikasubiri dakika tano ili oili ishuke kwenye sampu. Nimechomoa dipstiki, nikaifuta, nikairudisha hadi mwisho, nikaichomoa tena. Usomaji wa kwanza haufai kamwe, kwa sababu oili iliyorukaruka imepaka kijiti chote hadi juu.

Oili imeishia katikati ya L, alama ya chini, na F, alama ya kujaa, pengine nywele moja juu ya katikati. Kwenye injini hii nafasi kutoka L hadi F ni karibu lita 1.5, kwa hiyo upungufu ni lita 0.7 hivi. Kama 3.7 ni sahihi na kama dipstiki ni ya kweli, kinachopaswa kutoka leo ni lita 3.0: karibu 2.7 kwenye plagi na 0.3 ndani ya filta. Nimeandika utabiri huu kabla ya kugusa spana.

Jumamosi, saa moja baadaye: kinachotoka

Gari lipo juu ya stendi za jeki, magurudumu ya nyuma yamewekewa vizuizi. Nimefungua kifuniko cha kumiminia oili juu ili hewa iingie, kisha plagi ya sampu kwa spana ya 14. Mwanzo oili inatoka kama mkono mzima, nyeusi, inarukia mbali kuliko unavyodhani, kwa hiyo karai lilikaa nyuma kidogo ya tundu. Baada ya dakika chache mkondo umekuwa uzi, kisha matone. Hapo nikashusha gari likae sawa, karai likiwa bado chini. Gari lililoinuliwa mbele tu huacha oili kwenye kona ya sampu iwapo tundu la plagi liko upande wa juu, na kipimo changu kingeonyesha upungufu usiokuwepo. Kweli, liliposhuka matone yalirudi kuwa uzi kwa muda kabla ya kukatika.

Karai na oili: kilo 2.71. Toa 0.42, inabaki 2.29. Gawa kwa 0.85, lita 2.69. Utabiri ulikuwa 2.7.

Kwa udadisi nilikuwa nimechora mstari ndani ya karai jana kwa kutumia maji. Oili ikiwa bado ya moto ilisimama karibu na 2.8. Huo ndio mtanuko nilioutaja Ijumaa, unaonekana kwa macho. Anayepima oili ya moto kwa chupa na kurudisha ujazo uleule wa oili baridi anazidisha bila kujua.

Filta ya zamani imetoka wima, mdomo juu, nikaipeleka moja kwa moja kwenye mzani: gramu 430. Toa 215 za filta kavu ya aina hiyohiyo, inabaki gramu 215 za oili, yaani lita 0.25. Iliyobaki ilichuruzika kwenye bloku na kwenye kitambaa nilipolegeza. Jumla iliyopimwa ni lita 2.94 dhidi ya 3.0 niliyotabiri, na vijiko vichache vinavyokosekana naviona kwenye kitambaa.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi, nami nataka kulikalia kidogo. Kilichotoka ni 2.94. Wapo wanaofundisha kwamba njia salama ni kupima kilichotoka na kurudisha hichohicho. Injini hii ingerudishiwa 2.94 ingeanza safari yake mpya ikiwa na upungufu wa lita 0.76, nusu ya njia kuelekea L, siku ileile ya kubadilisha oili. Kilichotoka kinakuambia injini ilikuwa na nini. Ilichostahili kuwa nacho hakimo kwenye karai.

Jumamosi mchana: kujaza kwa awamu mbili

Kabla ya kufunga filta mpya nimepitisha kidole mahali inapokaa ili kuhakikisha raba ya filta ya zamani haikubaki imeganda pale. Raba mbili zikipandana, oili itatoka kwa kishindo mara injini ikiwaka. Raba mpya nimeipaka oili, nikazungusha kwa mkono hadi ikagusa, kisha robo tatu ya mzunguko. Plagi ya sampu imepata gasketi mpya.

Sasa sehemu niliyoisubiri. Sikumimina 3.7 kwa pamoja. Nimemimina 3.4 kwanza, ile ya "bila filta", nikiwa nimeweka dumu kwenye mzani kati ya mimino: kutoka kilo 3.61 mpaka likabaki 0.72, yaani kilo 2.89 zimeingia. Nimesubiri oili ishuke, nikasoma dipstiki, injini ikiwa haijawashwa bado.

Oili iko kwenye F. Kwenye alama yenyewe kabisa.

Mtu angeweza kuishia hapo akasema "imejaa, kitabu kimekosea". Lakini filta bado ni tupu. Oili yote iko kwenye sampu kwa sababu pampu haijaisukuma popote. Na kama ningemimina 3.7 yote, dipstiki ingeonyesha juu ya F kwa karibu sehemu moja ya tano ya nafasi kati ya alama, nami ningeshawishika kuipunguza. Nadhani ndivyo wengi wanavyoishia kuamini kwamba 3.7 ni nyingi mno.

Nimeiwasha. Taa ya oili ilibaki kwa sekunde chache kisha ikazimika. Sikukanyaga moto wakati taa ikiwaka, kwa kuwa muda huo pampu inajaza filta na beringi zinaishi kwa utando wa zamani. Nimeiacha iende silensa dakika mbili hivi, nikachungulia chini kuona kama plagi au filta inavuja, nikazima, nikasubiri dakika tano.

Dipstiki sasa: oili imeshuka chini ya F. Nimeweka rula pembeni ya kijiti. Imeshuka karibu sehemu moja ya tano ya nafasi kati ya L na F, na moja ya tano ya 1.5 ni 0.3. Filta imechukua sehemu yake.

Nimeongeza lita 0.3, dumu likashuka kutoka 0.72 hadi 0.46. Nimewasha tena kwa muda mfupi, nikazima, nikasubiri, nikafuta, nikasoma. F.

Lita 3.7 zimeingia na dipstiki inakubali. Kwa hiyo sampu ni ya asili, dipstiki ni yake, filta ni ya saizi inayostahili. Kama 3.7 ingeingia na kijiti kikaishia mbali na F, ningeanza kuishuku dipstiki kabla ya kukishuku kitabu.

Kwenye dumu kuna kilo 0.25 za oili. Lita 0.3, ambayo fundi wangu angeimimina.

Jumapili: je, ile 0.3 ingeleta madhara?

Nimejiuliza kwa haki. Lita 4 kwenye injini hii ni 0.3 juu ya F, na sidhani kama hiyo peke yake imewahi kuua 1NZ. Tatizo linaanza ziada inapolundikana: 0.3 ya dumu, juu yake 0.4 ya oili isiyotoka vizuri kwa kuwa gari lilimwagwa likiwa limeinama, juu yake tena mtu anayeongeza kidogo "kwa usalama". Hapo uso wa oili unakaribia uzito wa krenki unaozunguka. Ukiugusa, unaichapa oili mpaka inatoa povu, na povu ni hewa, na hewa inabonyea. Pampu inasukuma kitu kisichobeba beringi sawasawa. Kwenye injini hii VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, pia inaendeshwa kwa presha ya oili, kwa hiyo povu linaweza kuonekana kama injini inayosita kabla ya kusikika kama mlio. Dalili nyingine ni mrija wa kupumulia unaorudisha hewa ya ndani ya injini kwenye njia ya hewa safi: ukiuchomoa ukakuta umelowa oili, na moshi wa samawati unatoka, soma dipstiki kabla ya kulaumu ringi za pistoni.

Kwa hiyo dumu zima halitavunja injini leo. Lakini linanipotezea kitu kingine, nacho nimekigundua leo nikirudi kwenye kibandiko cha zamani.

Kibandiko kinasema lita 4, na tangu siku hiyo gari limekwenda kilomita 5,000. Jana dipstiki ilionyesha upungufu wa 0.7. Kama ilijazwa 3.7, injini imekula lita 0.7 kwa kilomita 5,000, yaani 0.14 kwa kila 1,000. Kama kweli zilimiminwa 4, basi imekula lita 1, yaani 0.2 kwa kila 1,000. Sina njia ya kuchagua kati ya hizo mbili, kwa kuwa hakuna aliyesoma dipstiki baada ya kumimina. Injini iliyozeeka kula oili kidogo si ajabu. Ajabu ni kutojua kama ulaji unaongezeka.

Kilichoandikwa kwenye gari

Nimebandika karatasi mpya chini ya boneti: "1NZ-FE, 5W-30, lita 3.7 na filta, 3.4 bila filta, imesomwa F baada ya kuwasha". Pembeni nimeandika kilomita za leo. Lita 0.3 zilizobaki ziko kwenye dumu lake, limefungwa na kuandikwa tarehe, ndiyo oili ya kuongezea.

Kipimo kinachofuata ni kilomita 1,000 kutoka leo, sakafu ileile, dakika tano zilezile. Injini ikiwa inakula 0.14, oili itakuwa imeshuka chini ya F kwa karibu moja ya kumi ya nafasi kati ya alama, kiasi ambacho ni vigumu kukisoma kwa uhakika. Ndiyo maana nimepanga kusoma tena kwenye 3,000, ambako 0.14 ingekuwa lita 0.42 na 0.2 ingekuwa 0.6. Tofauti hiyo hata dipstiki inaweza kuionyesha.